Ngazi ya Shemeji

Mume wa dada yangu simpendi, na nasema mapema ili msomaji asije akadhani namsifia. Ni fundi paa mwenye miaka ishirini na mbili juu ya vigae, magoti magumu kama nyayo, na salamu anazitoa kwa kubana kana kwamba zinamwisha. Wenzake humwita Klipu. Akipita mtaani haangalii watu, anaangalia mapaa yao, kisha anasonya.

Mimi pia ni fundi, nimejifunza kwake, na hilo ndilo linaloniuma. Tulipoezeka nyumba ya mama nilitaka kitu kimoja tu: mama aangalie juu aseme, mwanangu ndiye aliyenifunika. Kwa hiyo tuligawana. Shemeji akachukua upande wa mbele, mimi nikachukua wa nyuma, kilipo chumba cha mama.

Kigae kina pua mbili chini yake, zinazoning'inia kwenye papi, zile mbao nyembamba zinazopita juu ya kenchi. Kichwani kina tundu la msumari. Katikati ya paa lile msumari ulitosha. Lakini pembeni, ambako upepo hunyonya paa kwa nguvu zaidi, kila kigae hutakiwa kuwa na klipu vilevile: kipande cha chuma kinachoshika ubavu wa kigae na kupigiliwa kwenye papi kabla kigae cha jirani hakijakifunika. Ukiiruka, huwezi kuichomeka baadaye bila kufumua. Klipu zilinichelewesha. Nikaziruka. Nani angeziona?

Upande wangu ulikwisha kwanza. Mama alikuwa uani, shingo juu, anatabasamu, na nafsi yangu ilikuwa imevimba.

Shemeji akavuka mgongo wa paa, ambao ulikuwa bado haujafunikwa.

"Pembeni umefunga?" akauliza.

"Vimekaa."

"Sijauliza kama vimekaa. Hata kuku anakaa."

Akachuchumaa, akaingiza vidole chini ya mkia wa kigae. Kikainuka chote kama mfuniko wa sufuria, kimeshikwa kichwani tu.

"Fumua safu tatu za pembeni, kutoka juu mpaka chini," akasema. "Upepo hauvuti kichwa, unainua mkia."

"Mbele ya mama yangu sifumui hata kimoja. Hapa si kwako, wewe umeoa tu."

Akasonya, akainua mkia wa kigae kilichofuata. Nikashuka. Nilipofika chini nikaibeba ngazi, nayo ilikuwa moja tu, nikaiegemeza nyuma ya choo, nikaenda kunywa chai kwenye kibanda cha jirani. Jua la saa saba lilikuwa linawaka. Nilitaka aombe. Nilitaka mama amsikie akiniita kwa adabu.

Hakuita mtu. Kutoka kibandani nilisikia misumari ikilia inavyong'olewa, na nikajua anafanya nini. Nikaagiza kikombe cha pili kwa ukaidi. Niliporudi alikuwa amefumua safu zote tatu, amevipanga vigae juu ya papi, na anapanda navyo upya kutoka chini, msumari na klipu, msumari na klipu. Alikuwa amefika nusu. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni.

Nikairudisha ngazi mbio.

"Shuka," nikamwambia. "Shuka sasa hivi, uondoke kwenye kazi yangu."

Mama alikuwa mlangoni. "Mwache amalize," akasema.

"Mama, hii ni kazi yangu."

Shemeji akafungua mfuko wa klipu kiunoni, akauacha juu ya papi. Kisha akashuka, akamuaga mama, akaenda zake. Ule mfuko niliutupa uani. Nusu ya juu nikairudishia mwenyewe kwa misumari mitupu, na mgongo nikaufunika siku hiyohiyo.

Upepo ulikuja siku ya kumi na moja, asubuhi, mama na mimi tuko jikoni. Tulisikia mlio kama wa mtu anayefunga milango mingi kwa hasira. Upepo uliking'oa kigae cha kwanza chini ya mgongo, kisha kila jirani yake, ukashuka navyo kimoja kimoja hadi pale klipu za shemeji zilipoanzia. Hapo ukakoma. Chini ya mstari ule hakikutikisika hata kimoja.

Tukaingia chumbani. Dari ilikuwa imetoboka, na nusu ya kigae ilikuwa imelala kwenye mto wa mama, imezama ndani yake.

Nilianza kusema kwamba upepo ule haukuwa wa kawaida. Mama hakuniangalia. Alikuwa anakung'uta vumbi kwenye foronya, polepole.

"Siku ile," akasema, "bora ungechelewa zaidi kurudisha ngazi."