Uyoga wa Chai Nyumbani kwa Kornelia

Kornelia wa Kirua Vunjo alikuwa mpika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, tangu enzi ambazo mkulima aliuza kahawa akasomesha watoto. Kahawa ilipokosa bei, watu waking'oa mikahawa ya baba zao na kupanda nyanya, yeye hakuacha mbege.

Mwaka 1998 mwanawe, Theodory, alirudi kutoka Dar amekonda, shati likimning'inia kama limeanikwa. Ugonjwa haukutajwa, ila kila mtu aliujua.

Flavia, wifi yake Kornelia, akaja na chupa aliyoipata Tarakea, mpakani na Kenya. Ndani ilielea ngozi nene, nyeupe.

"Uyoga wa chai, wifi. Nairobi wanauita kombucha. Una wadudu wazuri wa tumbo, unasafisha damu, unarudisha nguvu. Pika chai ya sukari, ipoe, uutumbukize pamoja na maji yake."

"Nani amepona?"

"Wewe mpe tu! Au unataka azikwe?"

Kornelia alinusa yale maji. Siki! Kwa mpika mbege, hiyo ni harufu ya pombe iliyoharibika. Akayamwaga mgombani, akautia uyoga mtupu kwenye chai, katika ndoo ya mbege. Hakujua kwamba ukali ule ndio ambao ungezuia uchafu kuota.

Baada ya wiki, manyoya ya kijani yalikuwa yametanda juu. Akayaengua kwa kata, kama alivyoengua machicha maisha yake yote, akamjazia mwanawe kikombe.

"Mama, mbona inanuka kama ghala?"

"Kunywa, baba. Dawa haiwi tamu."

Theodory akanywa, siku hiyo na zilizofuata. Tumbo likamwendesha, homa ikapanda, akashindwa hata kukaa. Wakamshusha Moshi, hospitali.

Daktari aliuliza alichokunywa. Alipoambiwa, alivua miwani.

"Mama, huo ulikuwa ukungu. Ukiota juu, mtu anamwaga vyote, pamoja na uyoga wenyewe. Kuengua hakusaidii, mizizi imeshashuka. Na mtu asiye na kinga hapaswi kunywa hata ulio safi. Wala mjamzito, wala mtoto mchanga, wala mwenye ini bovu."

"Wanasema unaponya."

"Wanasema. Hakuna aliyethibitisha."

"Ndio uliomharibu?"

"Alikuwa mgonjwa tayari. Siwezi kusema ni huo peke yake." Akarudisha miwani. "Lakini haukumsaidia."

Theodory alifariki kabla ya Jumapili.

Kwenye matanga Flavia aliwaambia wanawake, Kornelia akisikia: "Uyoga wangu hauna kosa. Mkono wake ndio mchafu." Tangu hapo hakuna aliyenunua mbege yake. Wazee walipita mlangoni wakitazama upande wa pili.

Mwezi uliofuata alimwona Eunike, binti wa jirani, mimba imemjaa, akitoka kwa Flavia na chupa. Kornelia akamkimbilia.

"Mwanangu, usinywe! Daktari amesema mjamzito—"

Eunike aliikumbatia chupa, akarudi nyuma.

"Shikamoo, mama. Wako umeshamuua. Wangu niachie."