Nusu Springi ya Meza ya Tisa

Nianze na jicho, maana wapo wanaosimulia habari hii kama kichekesho cha maabara. Jicho la kulia la Sekela binti Lusubilo, kidato cha nne, mtoto wa Mbebe kule Ileje, ndilo lililokuwa hatarini. Nami ninayesimulia ni Mwalimu Rozi, nilifundisha fizikia katika shule hiyo ya kata karibu na Nanyala. Asiyenipenda ataniita mwanamke wa maneno mengi. Na aseme.

Lakini huwezi kulielewa jicho lile kabla hujamjua Nathanaeli.

Nathanaeli alikuwa mtunza maabara wetu. Mnyiha wa Mbozi, mkulima wa kahawa kidogo, aliishia darasa la saba, ila mikono yake ilikuwa na digrii. Tulipopewa jengo la maabara tulipewa kuta na meza tu. Taa za spiriti alizitengeneza kwa chupa za wino. Stendi za kuning'inizia vitu alizichomelea kwa nondo zilizobaki kwenye ujenzi. Kila mkaguzi aliyekuja aliondoka akimsifu, na kila aliposifiwa alizidi kuwa hatari, ingawa hilo tulikuja kulijua baadaye. Mtu akisifiwa miaka kumi kwa kufanya bila vifaa, siku moja anasahau kwamba kuna vitu havifanyiki bila vifaa.

Mimi mwenyewe nilimsifu. "Kaka Natha," nilikuwa namwambia, "serikali ikikuona itafunga bohari." Naye anacheka, anaficha mdomo kwa kiganja kwa sababu ya lile pengo lake la jino.

Agosti ya mwaka 2011 tulikuwa na mtihani wa majaribio. Kwa desturi ya kwetu, mwalimu wa somo hakai chumbani na wanafunzi wake, shule jirani inaleta msimamizi. Kazi yangu ilikuwa kulifanya jaribio mwenyewe siku moja kabla na kuandika majibu ya mfano. Jaribio lilikuwa rahisi kabisa. Unaning'iniza springi kwenye stendi, unaongeza jiwe moja la mizani la gramu mia kila mara, yaani niutoni moja, mpaka yafike sita. Kila mara unapima kwa rula urefu ulioongezeka. Halafu unachora grafu na kujibu maswali: mteremko wa mstari ni kiasi gani, na nishati iliyohifadhiwa ndani ya springi kwa niutoni tano ni kiasi gani.

Springi yangu ilivutika sentimita nne kwa kila niutoni. Nne, nane, kumi na mbili, mpaka ishirini na nne kwa niutoni sita. Mstari ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi. Nikafunga karatasi kwenye bahasha, nikaenda zangu nyumbani kupika makande.

Jioni ile Nathanaeli akahesabu springi. Watahiniwa kumi na wawili, springi kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa imeharibiwa na kidato cha pili, walining'iniza nusu tofali ili waone itafika wapi. Wewe ungefanya nini? Mimi ningemfuata mwalimu mkuu, ningepiga simu shule jirani, ningewagawa wanafunzi kwa zamu. Nathanaeli alichukua plaizi. Akakata springi moja nzuri katikati, zikawa mbili. Ncha zilizokatwa akazikunja, akapata vitanzi vya kuningʼinizia. Kumi na mbili! Akapanga meza, kila moja na kisanduku kizima cha mawe ya mizani, akafunga mlango, akaenda kulala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Hakumwambia mtu. Haikuwa siri, hakuona tu kwamba kuna jambo la kusema. Akilini mwake, kipande cha mkate ni mkate.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Nilipita nje ya dirisha la maabara mara mbili, kama kuku anayetafuta pa kutaga, sijui kwa nini moyo haukutulia. Nilimwona Sekela meza ya tisa, ameinamisha kichwa usawa wa rula kama nilivyowafundisha, jicho moja limefumbwa ili asome vizuri. Nikamwona anaandika, anatazama meza ya jirani, anafuta. Nikasema moyoni, huyu ana nini leo? Nikaendelea na safari yangu. Ningeingia tu! Lakini sheria hairuhusu, nami ni mtu wa sheria.

Nilipopita mara ya tatu nilisikia mawe ya mizani yakianguka kwenye saruji. Halafu sauti ya Sekela, si kelele, sauti ndogo tu: "Mama yangu, sioni."

Kitanzi cha juu kilikuwa kimefunguka. Springi iliyovutika ikajirudi ghafla, na ncha yake iliyokatwa kwa plaizi ikashuka kama fimbo hadi pale kwenye rula, alipokuwa ameweka uso. Nathanaeli ndiye aliyemfikia kwanza. Alimbeba mikononi mpaka barabarani, akasimamisha lori la mahindi lililotoka Tunduma, wakaenda naye Mbeya. Shati lake lilirudi na damu, naye alirudi akiwa mtu mwingine.

Siku ya tatu mwalimu mkuu aliita kikao. Baba yake Sekela, mzee Lusubilo, alikuwa bado hospitalini na mwanawe. Madaktari walikuwa wamesema jicho halijafa lakini halijapona, tusubiri. Mkuu alisema sakafuni yalikutwa mawe kumi na moja. Kumi na moja! Maelekezo yalisema sita. "Binti amekaidi maelekezo, ameizidishia springi mzigo, imemrudia. Tuandike hivyo kwenye taarifa, na aondolewe mkondo wa sayansi." Kisha akamgeukia Nathanaeli. "Springi ilikuwa nzima?"

Nathanaeli alitazama meza. "Ilikuwa nzima, Mkuu. Ameizidishia."

Sikumtetea Sekela pale. Kwa kweli nilikasirika na mtoto. Mawe kumi na moja, jamani, mtoto hodari kama yule!

Jioni nilikaa kusahihisha karatasi. Ya Sekela ilikuwa haina grafu, ajali ilimkuta bado anapima. Lakini jedwali lake lilikuwepo, kwa mwandiko wake ule wa kubana: mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili. Alipofika niutoni sita, pale wenzake walipopata ishirini na nne, yeye alikuwa na kumi na mbili. Akaendelea. Saba, kumi na nne. Nane, kumi na sita. Tisa, kumi na nane. Kisha niutoni kumi, ishirini na moja. Kumi na moja, ishirini na tano na nusu. Hapo jedwali likakatika.

Nikachukua karatasi ya grafu nikamchorea. Mpaka niutoni tisa nukta zote zilikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Baada ya tisa mstari ukapinda, springi ikaanza kuvutika zaidi ya haki yake. Hicho ndicho kikomo cha uwiano, ambacho nilikuwa nimekifundisha kwa mdomo tu, sijawahi kukionyesha. Mtoto yule alikuwa amekipima bila kujua.

Lakini si kupinda kulikonitisha. Kilichonitisha ni mwanzo. Springi iliyozidishiwa mzigo hulegea, haiwi ngumu. Na hata kabla hajazidisha chochote, kwenye niutoni ya kwanza kabisa, springi ya Sekela ilikuwa ngumu mara mbili ya yangu. Sentimita mbili badala ya nne. Kuna njia moja rahisi ya kuifanya springi iwe ngumu mara mbili, nayo ni kuikata nusu.

Nikatoka na kurunzi nikaenda maabara. Springi bado zilikuwa mezani. Meza ya tano nikaikuta pacha yake, fupi, kitanzi kimekunjwa kwa plaizi. Nikaining'inizia jiwe moja: sentimita mbili. Meza ya tano alikaa Deus, na Deus kwenye karatasi yake alikuwa ameandika nne, nane, kumi na mbili mpaka ishirini na nne, safi kabisa. Alinakili kwa jirani, hakupima kitu. Mwizi yule nilimpa alama zote jioni ile ile, sikujua.

Nilikwenda kwa Nathanaeli alfajiri, nikamkuta anamwagilia miche ya kahawa. Nikamwekea grafu mbele. Hakuwa amesoma fizikia, ila alikuwa ameisikiliza dirishani miaka kumi. Akafuata mstari kwa kidole chenye udongo. Nikamwambia, ukipima eneo chini ya mstari huu unapata nishati iliyolala ndani ya springi. Yangu kwa niutoni sita haikufika hata juli moja. Ya Sekela, hata ukitoa ile iliyopotea kwenye kupinda waya, ilibaki juli moja na kitu, ikingoja kitanzi chako kifunguke.

"Niliikata," alisema. "Mwalimu, nilidhani nusu itafanya kazi kama nzima. Halafu kikaoni nikaogopa. Mimi ni mshenzi." Akalia, na mimi nikalia, kwa hasira na kwa huruma, sijui ipi ilitangulia.

Sifa moja nitampa mpaka naingia kaburini: hakusubiri nimpeleke. Alikwenda mwenyewe kwa Mkuu akasema yote, akarudisha funguo. Taarifa ikafutwa. Jina la Sekela likabaki kwenye mkondo wa sayansi. Mzee Lusubilo alipoambiwa akasema, "Aliyembeba mwanangu ndiye aliyemuumiza. Basi nimshukuru au nimlaani?"

Nilikwenda Mbeya kumpa Sekela habari njema. Nilikwenda nimeinua kichwa, mwalimu aliyegundua ukweli kwa grafu. Nikamkuta kitandani, jicho moja limefungwa bandeji, na nesi alishaninong'oneza mlangoni kwamba halitaona tena. Nikamweleza kila kitu: springi ilikuwa nusu, vipimo vyako vilikuwa sahihi vyote, jedwali lako ndilo bora darasani. Akatabasamu kidogo.

Nikamuuliza, kwa upole kabisa, "Lakini mwanangu, maelekezo yalisema mawe sita. Kwa nini uliendelea kuongeza?"

Akanitazama kwa jicho lile lililobaki, bila chuki, kama anajibu swali darasani.

"Mwalimu, si ulitufundisha springi zote ni za aina moja, mtu akipata tofauti na wenzake amekosea? Wenzangu wote walikuwa na ishirini na nne. Nilikuwa naitafuta ishirini na nne."