Jina Lililobaki kwa Wakala

Mume wangu sikumwita kwa jina tangu siku ya harusi mpaka alipokufa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Ukimtaka unasema "baba fulani", au unakohoa mlangoni, na mbele ya watu unasema "mwenye nyumba". Sisi tulikuwa Wakristo wa misheni, wazee wetu walitoka bara, lakini katika jambo hilo hatukutofautiana na majirani zetu. Wajukuu wangu wananicheka. Wacheke tu.

Alipougua tumbo nilivuka naye kwenda Dar es Salaam, maana hapa Unguja walikuwa wameshatuambia hawana dawa yake. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa nikilala kwa binamu yangu Kariakoo, asubuhi napika uji, natembea nao mpaka hospitali. Njiani palikuwa na duka la mtu aliyekuwa wakala wa bahati nasibu. Mimi bahati nasibu siipendi, na padri wetu hakuipenda. Lakini mgonjwa alikuwa amelala akitazama ukuta, hataki kula, hataki kusema, nikaona labda akishika tiketi mkononi atapata jambo la kungojea. Nikanunua moja kwa pesa zangu za maandazi.

Wakala akaniuliza niandike jina la nani. Kitabu chake kilikuwa na tiketi na kishina chake. Tiketi unapewa wewe, kishina kinabaki kitabuni na jina lako, kinapelekwa kwa kampuni. Nikamwambia ni ya mume wangu.

"Anaitwa nani?"

"Mwenye nyumba."

Akanitazama. Nyuma yangu watu walikuwa wamejipanga, kila mtu na haraka yake. Akaandika nilivyosema, "Mwenye Nyumba, Kiembe Samaki, Unguja," akachana, akanipa.

Mgonjwa alicheka siku ile. Akaiweka chini ya mto, akaniambia tukipata tutajenga chumba cha pili ili binti yetu arudi. Binti yetu alikuwa Tanga na mumewe na watoto watatu. Mumewe alikuwa ameachishwa kazi kwenye mkonge, na kila barua binti aliandika neno lilelile: mama, tungekuja, lakini tutalala wapi? Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na ukumbi, na ukumbi wenyewe unavuja.

Hakuiona droo, siku ya kuchezeshwa nambari. Tulimzika hukohuko, sikuwa na nauli ya kumvusha. Nikarudi peke yangu na kikapu chake cha nguo.

Nambari zilipotoka gazetini nilimwomba mwenye duka wa mtaani kwetu anisomee, maana tarakimu ndefu zilikuwa zikinichanganya. Akasoma, akasoma tena, akaweka gazeti chini. Si zawadi ya kwanza, lakini shilingi elfu mbili; kwa wakati ule ni chumba na bati juu yake. Nilituma tiketi kwa kampuni kwa barua ya rejista, posta wakanipa risiti.

Jibu lilichukua muda. Lilikuwa limepigwa taipu vizuri, na maana yake ilikuwa fupi. Tiketi wameipokea na nambari ni ya kweli, imeshinda. Lakini kishina kina jina Mwenye Nyumba, na mimi si Mwenye Nyumba, na sheria yao iliyo nyuma ya tiketi inasema zawadi analipwa aliyeandikwa kwenye kishina au mrithi wake. Kwa hiyo wanaizuia mpaka huyo Mwenye Nyumba ajitokeze.

Nilikaa na barua ile jikoni mpaka moto ukazimika. Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Ukiwa na mume hata jambo la kipumbavu unamwambia, anakujibu "hmm", basi limepungua. Mimi nilikuwa na paka, na paka mwenyewe wa jirani.

Mwenye duka ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Mji Mkongwe, karibu na mahakama. Alikuwa karani zamani, sasa amestaafu, anakaa barazani na mashine yake ya taipu kuandikia watu barua. Nikapanda gari kwenda mjini. Nilimkuta anakunywa kahawa. Nikampa barua ya kampuni, nikamwambia aandike kwamba wao ni wezi, wanakula mali ya mjane, na Mungu anawaona.

Akavaa miwani, akasoma polepole, kisha akatabasamu. Nikakasirika.

"Unacheka nini, bwana?"

"Sikucheki wewe, bibi. Nawacheka hawa. Tazama hapa. Wamekiri wenyewe kwamba tiketi wanayo na nambari imeshinda. Hilo halina haja ya kulithibitisha tena. Lililobaki ni jina tu."

"Basi andika ni wezi."

"Bibi, barua ya malalamiko si kilio cha msiba. Ukimwita mtu mwizi, atakujibu matusi yako na kuyaacha madai yako. Hawa tuwape mambo yasiyojibika."

Alinihoji kama polisi. Nilinunua lini, wapi, kwa nani, kishina kiliandikwaje, tiketi niliituma lini. Kila nilichosema aliniuliza: nani mwingine anajua? Nikaona nilivyokuwa mtupu. Vitu vyote vilivyotokea Dar vilitokea baina yangu na mtu mmoja aliyekufa na muuza duka mmoja.

Kwa hiyo hatukuandika kwa kampuni siku ile. Tulimwandikia wakala. Nilipewa na kazi nyingine: cheti cha ndoa kanisani, cheti cha kifo cha hospitali, na barua ya mwenyekiti wa tawi la chama wa mtaani kwetu kueleza kwamba ninakaa pale na kwamba mume wangu alikuwa akijulikana kwa jina hilo la Mwenye Nyumba. Mwenyekiti alikuwa kijana mkali, mimi nilimjua akiwa na kamasi. Alinisimamisha kwanza, kisha akaniandikia.

"Mtaa mzima unajua, bibi," alisema, "ukisema mwenye nyumba ni yeye. Mke wangu naye ndivyo anavyoniita. Hata akinitukana."

Wakala alijibu. Nilimshukuru mtu yule nisiyemjua vizuri, maana angeweza kukaa kimya. Barua yake mzee alinisomea barazani, akacheka mpaka miwani ikamtoka. Aliandika kwamba anamkumbuka mama wa kanga ya bluu mwenye birika la uji, kwamba alimuuliza jina la mumewe akapewa Mwenye Nyumba, kwamba foleni ilikuwa ndefu na kwamba yeye ni muuza sukari, hakuwekwa pale kuwafunza wake za watu kutaja waume zao. Akapiga muhuri wa duka.

"Huu ni ushahidi," akasema mzee. "Lakini bado kitu kimoja. Kiapo mbele ya hakimu. Wewe mwenyewe useme kwamba Mwenye Nyumba na fulani bin fulani ni mtu mmoja."

"Wewe unalo jina, limo kwenye cheti. Liandike."

"Nitaliandika. Lakini utaapa wewe, kwa mdomo wako."

Hakimu alikuwa mtu mnene mwenye mafua. Karani wake akanisomea karatasi, akanipa Biblia niishike, akaniambia nitaje jina langu. Nikataja. Akaniambia nitaje jina la marehemu mume wangu.

"Bibi, husikii?"

Nilisikia. Nilitazama dirishani, palikuwa na ukuta wa jiwe tu na kamba ya nguo ya mtu. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile, nimemzalia, nimemwosha akiwa hajiwezi, na jina lake lilikuwa halijapita ulimini mwangu. Hata kaburini sikulitaja, alilitaja padri. Hakimu akapenga pua, akasema kwa upole ambao sikuutarajia, "Chukua muda wako, mama."

Nikalitaja. Lilitoka dogo. Karani akasema nirudie, hakulisikia vizuri. Nikalitaja mara ya pili, kwa sauti, kama mtu anayemwita mwenzake aliye uwanjani. Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakageuka. Hakuna aliyeitika. Hakimu akatia saini.

Mzee alipiga barua siku ileile. Niliikariri, kwa sababu nilimtaka anisomee mara nyingi. Mwanzo ilitaja nambari ya tiketi na droo yake. Halafu tiketi ilipopokelewa na wao, kama walivyokiri katika barua yao ya tarehe fulani. Halafu sababu waliyotoa ya kuizuia, na kwa nini sababu hiyo imeondoka. Chini yake akaorodhesha viambatisho: nakala ya risiti ya rejista, nakala ya barua yao, maelezo ya wakala, cheti cha ndoa, cheti cha kifo, barua ya tawi, kiapo. Zote nakala zilizopigwa muhuri. Karatasi za asili nilikaa nazo mimi. Mwisho ikasema: tunaomba zawadi ilipwe kwa mjane ndani ya siku ishirini na moja tangu mpokee barua hii, isipolipwa, nakala ya yote haya itapelekwa kwa halmashauri iliyowapa leseni, pamoja na ombi kwamba wachunguze. Hakuna neno mwizi popote.

"Hilo la mwisho, utalifanya kweli?" nikamuuliza.

"Siandiki nisilolifanya. Nakala ya halmashauri nshaipiga. Ipo hapa."

Ilitumwa kwa rejista. Siku zile nilikuwa naamka, nachoma maandazi, nauza, narudi, nafagia uwanja usio na uchafu. Nilimwandikia binti nikamwambia asubiri, nina jambo. Sikulitaja jambo lenyewe.

Siku ishirini na moja hazikutimia. Hundi ilikuja kwa jina langu, na karatasi ya mistari mitatu: wamepitia ushahidi, wameridhika, wanalipa. Hawakuomba radhi. Mzee alisema radhi haina bei benki. Nilimlipa ujira wake, nikamwongezea kuku, akakataa kuku, nikamwachia mlangoni.

Nilijenga. Fundi alikuwa mpwa wa mwenye duka; alipiga ukuta wa mawe na udongo, akausiliba, akaweka bati, dirisha moja linalotazama mashariki. Nilinunua kitanda cha kamba, nikaweka vyandarua viwili. Nikamwandikia binti: chumba kiko tayari, njooni.

Alijibu upesi. Alifurahi, alisema, alilia kwa furaha. Lakini mumewe alikuwa amepata kazi Moshi kwenye shamba la kahawa, wamepewa nyumba, watoto wameshaandikishwa shule. Wangekuja likizo, Mungu akipenda.

Walikuja mara moja, siku chache, watoto wakarukaruka kitandani mpaka kamba zikalegea. Kisha wakarudi Moshi. Nilizikaza kamba mwenyewe. Watu waliniambia nikipangishe, nitapata pesa ya sukari, na kweli ningeipata. Sikukipangisha. Nilihamia mimi, kwa sababu chumba cha zamani nacho kilikuwa kimeanza kuvuja kama ukumbi.