Mvumo wa Upande wa Kwanza

Mtaani wanamwita Mama Mota, na hata mume wake, mwalimu mstaafu wa jiografia, humwita hivyo anapokuwa na furaha. Jina hilo alilipata kwa jasho. Kwa miaka thelathini na mitano amekuwa akisuka upya mota zilizoungua: za pampu, za mashine za kusaga, za feni. Hung'oa waya wa shaba ulioungua, huhesabu mizunguko yake, husuka mwingine, hupaka vanishi, hukausha, kisha huwasha na kusikiliza. Vipimo anavyo, tena vizuri, lakini sikio ndilo linalotangulia. Mteja akisema mota yake ina kitu hakieleweki, Mama Mota huinamisha kichwa, hutulia kidogo, halafu husema, "Beringi ya nyuma." Na huwa ni beringi ya nyuma.

Kitu cha pili anachokijua kwa sikio namna hiyo ni albamu moja. Ilirekodiwa miaka arobaini iliyopita na mwimbaji wa kike aliyekuwa bado binti, akiwa na bendi ya watu watano. Nyimbo nne upande wa kwanza, nne upande wa pili. Mama Mota aliinunua kama santuri akiwa chuo cha ufundi. Santuri ilipoanza kukwaruza akanunua kaseti. Kaseti ilipotafunwa na redio akanunua sidii. Kisha likatoka toleo lililoandikwa "imesafishwa upya", naye akanunua tena.

"Huyu mama aliimba mara moja tu," mwalimu alimwambia. "Wewe umemnunua mara nne. Nani mjanja hapo?"

Mama Mota alicheka, lakini toleo lile la nne lilimuudhi. Kusafisha kwenyewe kulikuwa kupandisha sauti tu. Ngoma iliyokuwa ikiruka mbele ghafla sasa ilikaa sawa na kila kitu, na mwimbaji aliyekuwa akinong'ona sasa alinong'ona kwa kelele. Sidii hiyo ilikaa kabatini, na akaapa kwamba wauzaji hawatamwona tena.

Albamu ilipotimiza miaka thelathini na mitano, kampuni ikatoa toleo la kifahari: jalada gumu, picha mpya, sidii mbili. Ya kwanza ilikuwa albamu yenyewe. Ya pili ilikuwa mazoezi ambayo bendi iliyafanya siku moja kabla ya kurekodi, yakiwa hayajawahi kusikika. Kiapo kikafa siku hiyo hiyo.

Alilisikilizia kwenye karakana, kwenye redio ndogo iliyo juu ya meza ya kazi, huku transfoma aliyokuwa akiijaribu ikivuma pembeni. Kabla ya wimbo wa kwanza kuna kimya kifupi, na ndani ya kimya hicho kuna mvumo mdogo wa amplifaya ya gitaa. Alikuwa ameusikia mvumo huo mara elfu. Safari hii, ukiwa pamoja na ule wa transfoma, ulifanya jambo la ajabu: ukaanza kupwita. Wuu, wuu, wuu, haraka haraka.

Fundi mwingine asingejali. Yeye akaweka koleo chini.

Umeme wa ukutani huzifanya transfoma zivume kwa kiasi kimoja, mitikisiko mia kwa sekunde, na amplifaya ya zamani huvuma vivyo hivyo. Mivumo miwili ikilingana, hutulia kama mmoja. Ikitofautiana kidogo, husikika ikipwita, na idadi ya mapwito kwa sekunde ndiyo tofauti yenyewe. Mama Mota akarudia mwanzo wa wimbo tena na tena, jicho likiwa kwenye saa. Mapwito matatu kila sekunde. Akaweka sidii ya mazoezi, bendi ile ile, amplifaya ile ile, na mvumo ulikuwa chini kidogo. Hakuna mapwito. Akajaribu upande wa pili wa albamu. Hakuna.

Jioni alimwambia mume wake mezani, "Upande wa kwanza unakwenda mbio."

"Unakwenda mbio wapi?"

"Unakimbia kuliko walivyopiga. Mitatu katika kila mia. Mashine iliyorekodi ilikuwa ikivuta kanda polepole. Ukirekodi polepole halafu ukapiga kwa mwendo wa kawaida, kila kitu kinaharakishwa na sauti inapanda."

Mwalimu alitafuna kwanza. "Miaka thelathini na mitano watu wote hawakusikia, ukasikia wewe?"

"Wangesikiaje? Gitaa na besi vimepanda pamoja, vinapatana. Hakuna kinachokosana na mwenzake."

Aliandika barua kwa kampuni. Ikaja kadi ya kumshukuru kwa maoni yake mazuri. Aliandika nyingine, akaambatanisha hesabu zake wimbo kwa wimbo. Kimya. Ikapita miaka minne, na yeye akaendelea na mota zake. Kisha siku moja asubuhi simu yake ikalia akiwa na mikono yenye vanishi.

"Shikamoo mama. Mimi ni mtunza kanda wa kampuni ya muziki. Nimekuta barua yako kwenye faili la malalamiko."

"Sikulalamika. Nilieleza."

"Ndiyo maana nimepiga." Alikuwa mtu wa makamo, kwa sauti yake, mwenye kuzungumza taratibu. Alisema albamu inakaribia miaka arobaini na wanatengeneza boksi kubwa la maadhimisho, lenye sidii na vijitabu. Amepima kanda mama, ile ya kwanza kabisa iliyotoa santuri zote, na mvumo wa upande wa kwanza ni mia na tatu. "Nataka kujua ulipima kwa chombo gani."

"Kwa transfoma ya pampu na saa ya mkononi."

Mtu yule akamwomba arudie, aandike.

"Mashine yenyewe," Mama Mota akamuuliza, "kanda ilivutwa na mota moja kwa moja au kwa mkanda wa mpira?"

"Kwa mkanda."

"Basi mota haina kosa. Umeme ndio unaoiamuru mota. Mkanda ulikuwa umelegea, ukateleza. Tafuta kama waliupeleka kwa fundi."

Mtunza kanda alirudi kwenye daftari la studio. Siku tatu za kurekodi zilikuwa na mistari michache tu, na katikati ya siku ya pili, kati ya upande wa kwanza na wa pili, mhandisi wa zamani alikuwa ameandika: mashine kubwa, badili mkanda. Kwa hiyo upande wa pili ukatoka sawa. Na kulikuwa na zaidi. Studio ile ilikuwa na desturi ya kuwasha mashine ndogo pembeni, irekodi kila kitu sambamba, ikitokea kubwa imekwama. Ndiyo iliyorekodi mazoezi. Kanda zake bado zilikuwa rafuni, kwenye kopo lililoandikwa kwa kalamu nyekundu: akiba, isitumike. Watu walikuwa wametii maandishi hayo kwa miaka arobaini.

Akamwalika aje asikilize. Mwalimu akasema naye atakwenda, kwa sababu mtu aliyelipia mara tano ana haki ya kuona mlango wa nyuma wa duka.

Chumba cha kanda kilikuwa baridi na kikavu, rafu kutoka sakafuni hadi darini. Mtunza kanda aliwaonyesha kijioveni ambamo kanda ilikuwa imewekwa kwa muda wa saa nane, kwa joto dogo, kwa sababu gundi ya kanda za miaka ile hunyonya unyevu, na ukiipiga bila kuikausha inabanduka na kubaki kwenye mashine. "Baada ya hapo una wiki chache tu za kuinakili," alisema. "Bila boksi, hakuna ambaye angenipa muda wa kuitoa rafuni."

"Niambie ukweli, mwanangu," mwalimu akauliza. "Kwa nini mnatuuzia kitu kile kile kila mara?"

Mtunza kanda hakukwepa. Albamu ya zamani, alisema, ilishalipia studio na bendi zamani, kwa hiyo kila toleo jipya halina gharama ya kurekodi. Mwimbaji mpya anaweza asijulikane kamwe, lakini huyu wapenzi wake wapo, tena waliokuwa wanafunzi wakati ule sasa wana mishahara. Maadhimisho huwapa magazeti cha kuandika. Na katika baadhi ya nchi, rekodi isiyotolewa hadharani kwa miaka hamsini hupoteza ulinzi wake wa hakimiliki, kwa hiyo mazoezi na vipande vilivyoachwa hutolewa kabla muda haujaisha. "Mengine ni jalada tu, sikufichi. Lile letu la kupandisha sauti nililisikiliza nikaona haya. Lakini mara moja moja mtu hufungua kopo."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja mrefu mwenye mvi, kitambaa begani. Mama Mota alimtambua kabla hajasema neno, akasimama wima kama mwanafunzi.

"Kaa, mwenzangu," mwimbaji akamwambia. "Wewe ndiye wa transfoma?"

Mtunza kanda akawasha kanda. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa dakika tano kamili. Sasa uliongezeka sekunde tisa. Gitaa likaingia likiwa na nafasi ya kupumua. Kisha sauti. Haikuwa ya binti mwepesi wa jalada. Ilishuka chini kidogo tu, kiasi cha kukaa katikati ya vibonye viwili vya kinanda, lakini ilikuwa ya mtu mwingine, mzito, aliyetulia, anayejua analosema.

Mwimbaji alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Santuri ilipotoka," alisema wimbo ulipokwisha, "watu walikuja kutusikiliza wakasema jukwaani ninaimba kivivu. Kwamba sauti imekuwa nzito. Nilikuwa na miaka ishirini na minne! Nikawaambia wapiga gitaa wakaze nyuzi na waongeze mwendo, nifanane na santuri. Nimejikimbiza miaka yote hiyo nikidhani tatizo ni koo langu." Akamgeukia Mama Mota. "Kumbe ni mkanda."

"Ulilegea," Mama Mota akasema. Akamshika mkono.

Boksi lilitoka mwaka huo. Lilikuwa na upande wa kwanza kwa mwendo wake wa kweli, na ule wa zamani pia, kwa watakaoutaka. Kijitabu chake kilieleza habari ya mkanda, na chini ya majina ya mafundi wa sauti liliongezwa la mtu mmoja wa mota. Wapenzi waligombana kweli kweli. Wengine waliandika kwamba wameibiwa ujana wao, kwamba walichumbiana kwa ule wa mbio na hawataki mwingine. Mama Mota aliwaelewa. Akifagia karakana huweka ule wa mbio, maana miguu yake iliuzoea. Akitaka kumsikia yule mama huweka mwingine, huzima transfoma, na huketi.

Kampuni ilimtumia boksi lake bure. Mwalimu alilifungua yeye mwenyewe mezani, akapanga picha na vijitabu, akasoma jina la mke wake mara mbili kwa sauti, kisha akavaa viatu akaenda kumsomea jirani.