Simu Nne Kabla ya Mkutano

Mkutano mkuu wa ushirika wetu wa kahawa ulishindikana mwaka mmoja, na kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye katibu. Kwa mwezi mzima niliwaandikia wanachama kila asubuhi kwenye kikundi cha simu, kwa herufi kubwa, mpaka wengi wakazima sauti ya kikundi. Siku yenyewe, ndani ya ukumbi wa parokia hapa Butembo, hatukufika nusu ya wanachama, na bila nusu na mmoja hakuna kura. Waliotoka mbali kwa pikipiki walirudi na matope yao.

"Mama secrétaire, ulipiga makelele sana," mwanachama mmoja wa Beni aliniambia. "Mwishowe batu hapana kusikia tena."

Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa. Mume wangu alikwisha kufariki, watoto wako Kampala, na nyumba yangu ya Bulengera ina vyumba vinne na kikombe kimoja tu cha kuosha. Kazi ya ukatibu ndiyo iliyonifanya nitajwe na watu. Mkutano ukishindikana tena, wangeiweka mikononi mwa mwingine, na wangekuwa na haki.

Mwaka uliofuata nilijiwekea sheria. Mwezi mmoja kabla, tarehe na mahali tu, ili mtu apange siku yake. Kabla ya siku kumi na tano ambazo katiba ya ushirika inadai, barua ya mwaliko pamoja na mambo ya kupigia kura. Kubwa lilikuwa kujenga kituo cha kuoshea kahawa. Wiki moja kabla, niwakumbushe wale tu ambao hawajajibu. Siku moja kabla, wote: saa, na hali ya barabara. Aliyesema ndiyo nilimwekea alama kwenye daftari na kumwacha apumue mpaka siku hiyo ya mwisho. Katikati nilikaa kimya, na kimya kile kilinitesa kuliko kazi yenyewe.

Wenye simu ndogo za tochi niliwapigia. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kasugho, mjane kama mimi, mwenye kahawa kando ya msitu.

"Papa, utakuya?"

"Nitaona, mama. Siku ingali mbali."

Kisha akanieleza habari za mvua, na za mbuzi wake aliyezaa mapacha.

Mara ya pili nilimsomea barua yote. "Iyo mambo ya kuosha kahawa ni ya lazima," alisema. "Nimeisha fula shemizi. Lakini, nitaona."

Mtu aliyekwisha kufua shati anakuja, hata mtoto angejua. Nilishika kalamu juu ya jina lake na sikuweka alama. Nilijidanganya kwamba sheria ni sheria, lazima atamke ndiyo mwenyewe. Kwa hiyo wiki moja kabla nilimpigia tena, kihalali kabisa, tukaongea mpaka chai yangu ikapoa.

Siku tatu baadaye uvumilivu ulinishinda. Nilimpigia bila sababu yoyote.

"Ni ya mkutano?" aliuliza.

Nilishikwa na haya. "Hapana, Papa. Nimekosea namba."

Alisema aksanti, nikakata. Siku ya mwisho, nilipowapigia wote, yeye hakupokea. Nilipiga mara mbili, nikajizuia ya tatu. Nilijua nimerudia ujinga wangu wa zamani, na safari hii kwa mtu niliyemtaka kuliko wote.

Asubuhi ya mkutano ukumbi ulijaa vizuri. Rais wa ushirika alihesabu saini, akahesabu tena, akaniangalia. Alikosekana mtu mmoja ili tufike nusu na mmoja. Nilisimama mlangoni, nikitazama barabara.

Mzee alishuka kwenye pikipiki akiwa na matope mpaka magotini, na shati jeupe juu yake. Nilimpa kalamu. Aliweka saini polepole, nasi tukatimia.

"Nilikupigia jana," nilimwambia.

"Simu iliisha chaji, ikazimika. Hapana courant kule."

"Mbona hukusema ndiyo tangu mwanzo?"

"Ningesema ndiyo, ungenipigia tena mara ngapi?"

"Mara moja tu. Siku ya mwisho."

"Njo ile," alisema, yaani ndiyo sababu yenyewe, akaenda kukaa.

Kituo cha kuoshea kahawa kilipita. Walinipigia makofi, nikabaki katibu. Wiki iliyofuata daftari lilikuwa limefungwa mezani, na kikumbusho cha kwanza cha mkutano mwingine kilikuwa bado karibu miezi kumi na moja mbele yangu. Nilikaa na kimya hicho siku mbili. Siku ya tatu nilipiga simu Kasugho.

"Mama secrétaire," alisema. "Ulikosea namba tena?"

"Hapana, Papa," nilisema. "Leo sikukosea."