Tangazo la Unga wa Ndagala

Nililionea fahari tangazo lile. Niliwatumia wateja wote wa kwenye orodha yangu ya simu kwa mara moja: nina bidhaa mpya, unga wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kuchanganya katika uji wa watoto. Hauna miiba wala mchanga, unakaa mwezi bila kuharibika, na paketi ni faranga elfu tatu. Anayetaka anijibu akitaja paketi ngapi na kartie yake, yaani mtaa anaokaa, nimtumie. Au aje achukue mwenyewe kwangu Nyamianda, mlango wa bati wa kijani, karibu na bomba la maji.

Majibu ya kwanza yalinifurahisha. Kisha likaja la mama mmoja wa Sange, mteja wangu wa siku nyingi: "Mulango ya kijani? Weye iko peke yako?"

Mama huyo hawezi kuniandikia bila kuulizia hali ya watoto wangu kwanza. Ndipo nikakumbuka. Watu wenye bunduki walimnyang'anya simu barabarani, karibu na Katogota. Aliponipa namba mpya niliiongeza kwenye orodha. Ile ya zamani, mjinga mimi, sikuitoa, na ndiyo iliyonijibu.

Nililifuta tangazo. Lakini kufuta kulisaidia nini, na walikuwa wameshalisoma?

Mume wangu alikuwa Bujumbura. Nikafunga komeo, nikawavuta watoto chumbani, nikawakataza hata kukohoa.

Simu ikatetemeka. Namba ile ile, na safari hii walifuata maagizo yangu yote: "Paketi mbili. Kartie: Nyamianda. Usitume, tuko ku mulango."