Aliyeuona Mlango na Aliyeubuni

Baba ni mchonga milango, lakini siku hizi macho yake hayaoni vidogo, kwa hiyo kumchorea nakshi ni kazi yangu. Wiki ya mitihani alinipa picha ya kizingiti cha juu cha nyumba ya Bi mmoja jirani yetu. Kizingiti chenyewe kilishaliwa na mchwa, kikabaki unga. Ubao wa mbambakofi, mti mgumu, wa kuchongea kingine ulikuwa mmoja tu, umevushwa kwa mashua kutoka Mokowe, ng'ambo, na Baba alisema hatapata mwingine.

Niliipakia picha kwenye programu ya akili bandia. Iliona hata nisivyoviona: maua ya petali nane, mnyororo ukingoni, na katikati maandishi ya Kiarabu yaliyofifia ambayo ilikiri haiwezi kuyasoma. Nikawaza, anayeona hivi atashindwaje kuchora? Nikaiomba inichoree. Ikajibu kwamba inasoma picha na kuieleza kwa maneno tu. Kutengeneza picha haiwezi.

Nilikuwa na mtihani wa hesabu kesho yake. Nikayachukua maneno yake nikayatia kwenye programu nyingine, ya kutengeneza picha. Ikatoa kizingiti kizuri ajabu. Nikakichapisha kwa vipande vitatu vya karatasi, nikampa Baba avibandike ubaoni na kuchonga juu yake. Sikumwambia vilikotoka.

Baba huanza pembeni. Kipande cha katikati, penye maneno ya Mungu, hukibandika mwisho, akiwa na udhu. Kwa hiyo siku tatu patasi iligonga na mimi nikadhani mambo yako sawa. Siku ya nne akatawadha, akakifungua kipande cha katikati, akakisogeza puani.

"Hizi si herufi," akasema. "Nani kaandika?"

Nilimwambia yote, nikiutazama mkeka. Akapitisha kidole gumba kwenye maua aliyokwisha kuchonga, akihesabu petali. Saba. Tisa. Nane. Saba tena.

"Yule wa kwanza aliuona mlango," akasema polepole. "Huyu wa pili hakuuona. Kasikia habari zake, akabuni wake."

Heri angenipiga. Aliugeuza ubao tu. Upande wa pili ulikuwa na ufa, tena katikati, pale pale pa maandishi. Akaweka mkono juu ya ule ufa, na mimi nikaona machozi yangu yakidondokea kwenye vumbi la mbao.

Mwishowe akasema atachonga upande huo huo wa ufa, nami nichore tena, kwa mkono, picha iwe mbele yangu. Maneno ya katikati hayakusomeka kwa mashine wala kwetu sisi. Bi ndiye aliyepita chini yake miaka yote. Niende nikamuulize yanasemaje, na nimweleze mwenyewe nilichofanya.

Mimi hata mwalimu akiniita jina sauti hukauka. Nilifika kwake jioni ile, nikasimama chini ya pengo tupu palipokuwa na kizingiti, nikafungua mdomo kupiga hodi. Sauti haikutoka, nikagonga kwa kidole. Ndani nikasikia kandambili zake zikija.